Kitabu kilichonunuliwa mara mbili

Dukani kuna vitabu vinne, nakala moja moja. Cha kwanza kinauzwa elfu 4 na kina kurasa 5. Cha pili ni elfu 8, kurasa 12. Cha tatu ni elfu 5, kurasa 8. Cha nne ni elfu 3 na kina ukurasa mmoja tu, sijui nani atakinunua. Mfukoni una elfu 10. Ukitaka kuondoka na kurasa nyingi iwezekanavyo, utachukua vipi?

Jibu ni kurasa 13. Unachukua cha kwanza na cha tatu, unalipa elfu 9, na elfu moja inayobaki hainunui kitu. Hesabu hii ni mfano uliomo katika zoezi liitwalo Book Shop, kwenye hazina ya mazoezi ya programu ya CSES iliyotengenezwa Finland. Zoezi halitaji sarafu yoyote, kwa hiyo hizo elfu za shilingi nimezitia mimi. Vitabu vinne unaweza kuvimaliza kwa akili, lakini zoezi linaruhusu vitabu hadi 1,000 na fedha hadi 100,000, na hapo hakuna kichwa kinachotosha.

Wanahisabati huliita tatizo la mkoba: una mkoba wenye uwezo fulani, una vitu vyenye uzito na thamani, na unataka kupakia thamani kubwa kuliko zote bila kupasua mkoba. Katika duka letu bei ndiyo uzito, kurasa ndizo thamani, na fedha zako ndizo uwezo wa mkoba. Aina tunayoizungumzia hapa huitwa sifuri-moja, kwa sababu kila kitu kina hali mbili tu. Ama umekiacha, ama umekichukua mara moja. Huwezi kukata nusu ya kitabu, na huwezi kuchukua nakala mbili wakati ipo moja.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuchagua kwa unafuu: angalia kitabu kipi kinatoa kurasa nyingi kwa kila elfu moja, anza na hicho, kisha kinachofuata, mpaka fedha ziishe. Kwa elfu 10 njia hii inabahatika kutoa 13. Sasa punguza fedha ziwe elfu 8. Kitabu chenye unafuu mkubwa ni cha tatu, kwa hiyo unakichukua kwa elfu 5 na kubaki na elfu 3, ambazo zinatosha kile cha ukurasa mmoja tu. Umepata kurasa 9. Kumbe elfu 8 hizo hizo zingenunua kitabu cha pili peke yake, kurasa 12. Uchaguzi wa papo kwa papo umekufungia mlango wa uchaguzi bora.

Njia ya uhakika ni ya kujaza jedwali. Mmarekani Richard Bellman ndiye aliyeijenga mbinu hii alipokuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND, na mwaka 1957 akaitolea kitabu. Wazo lake ni kulivunja swali kubwa kuwa maswali madogo, kila dogo likajibiwa mara moja tu na jibu lake likaandikwa ili lisihesabiwe tena. Kwa duka letu maswali madogo ni haya: ningekuwa na elfu moja tu, ningepata kurasa ngapi? Ningekuwa na mbili? Na tatu? Hivyo hivyo mpaka kumi. Tena kila swali linaulizwa upya kila kitabu kipya kinapowekwa mezani.

Chora basi jedwali. Kila mstari ni kitabu kimoja, na kila safu ni kiasi cha fedha kuanzia sifuri hadi kumi. Ndani ya kila kisanduku unaandika kurasa nyingi kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa fedha hizo, ukitumia vitabu vya mstari huo na vilivyo juu yake. Kukijaza kisanduku ni kuamua jambo moja. Ukikiacha kitabu cha mstari huu, jibu lako ni lile lile la mstari wa juu, safu hiyo hiyo. Ukikichukua, unatoa bei yake kwenye fedha zako, unakwenda mstari wa juu kwenye safu ya fedha zilizobaki, unasoma kilichoandikwa pale, kisha unaongeza kurasa za kitabu hiki. Katika majibu hayo mawili unaandika lililo kubwa.

Angalia neno lililojirudia hapo: mstari wa juu. Uchaguzi wote wawili unasoma mstari wa juu, yaani hali ilivyokuwa kabla kitabu hiki hakijawekwa mezani. Sharti la nakala moja moja halikuandikwa mahali pengine popote katika hesabu hii. Hakuna hesabu ya vitabu vilivyobaki rafuni, wala alama ya kwamba kitabu fulani kimeshanunuliwa. Kinachozuia kitabu kisinunuliwe mara mbili ni kwamba unaposoma mstari wa juu, unasoma dunia ambayo kitabu hicho bado hakimo.

Jedwali hilo linafanya kazi vizuri, ila linakula nafasi. Kwa vitabu 1,000 na fedha 100,000 ni visanduku zaidi ya milioni 100. Kila kisanduku kikichukua baiti nne, ni karibu megabaiti 400 kwa swali moja. Na ukilitazama jedwali likiwa linajazwa unaona ubadhirifu: unapojaza mstari wa 500 unausoma mstari wa 499 tu. Ile 498 ya nyuma imekaa bure. Hapo ndipo watu wanapoamua kuliacha jedwali na kubaki na mstari mmoja wa visanduku, ambao kila kitabu kipya kikija unaandikwa upya juu kwa juu. Megabaiti 400 zinashuka kuwa kilobaiti 400 hivi. Programu inakuwa fupi pia, kiasi kwamba katika lugha ya Python kiini chake ni mistari hii:

```python
d = [0] * (x + 1)
for bei, kurasa in vitabu:
    for f in range(x, bei - 1, -1):
        d[f] = max(d[f], d[f - bei] + kurasa)
print(d[x])
```

Herufi `x` ni fedha zote ulizo nazo, `d` ni ule mstari wa visanduku, na `f` ni kiasi cha fedha tunachokishughulikia kwa sasa. Tazama mstari wa tatu. Ile `-1` ya mwisho inasema `f` iende ikipungua: ianze kwenye fedha zote, ishuke mpaka ifike kwenye bei ya kitabu. Chini ya bei hakuna haja ya kwenda, maana fedha hazitoshi kukinunua.

Mtu anayeuona msimbo huu kwa mara ya kwanza huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tuhesabu kinyumenyume. Kila mtu huhesabu kuanzia chini kwenda juu. Kwa hiyo anaandika hivi:

```python
    for f in range(bei, x + 1):
```

Programu inakubali na haitoi onyo lolote. Inatoa namba, na namba yenyewe ina sura ya jibu. Tatizo ni kwamba programu hii sasa inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tuifuate hatua kwa hatua, kwanza kwa njia sahihi. Mwanzoni visanduku vyote, kuanzia namba 0 hadi 10, vina sifuri. Kinakuja kitabu cha kwanza, elfu 4, kurasa 5. Tunaanza na kisanduku cha 10: tukikinunua tunabaki na elfu 6, tunasoma kisanduku cha 6 na kukuta sifuri, tunaongeza 5, tunaandika 5. Kisanduku cha 9 kinasoma cha 5, sifuri tena, tunaandika 5. Tunashuka hivyo hivyo mpaka cha 4. Mwisho wa mzunguko visanduku vya 4 hadi 10 vyote vina 5. Ndivyo inavyotakiwa: kwa kitabu kimoja cha kurasa 5, hata uwe na fedha nyingi namna gani, huwezi kupata zaidi ya 5.

Kitabu cha pili, elfu 8, kurasa 12, kinagusa visanduku vitatu tu, cha 10, cha 9 na cha 8, na vyote vinakuwa 12. Kinakuja cha tatu, elfu 5, kurasa 8. Kisanduku cha 10 kina 12. Tukikinunua kitabu hiki tunabaki na elfu 5, na kisanduku cha 5 bado kina 5 za kitabu cha kwanza, kwa hiyo 5 na 8 ni 13. Inashinda 12, tunaandika 13. Kisanduku cha 9 kinasoma cha 4, nacho pia kinapata 13. Cha 8 kinabaki na 12 zake. Cha 7, cha 6 na cha 5 vinapanda kutoka 5 hadi 8. Kitabu cha nne hakibadilishi cho chote huku juu. Kinaweka 1 kwenye kisanduku cha 3 na kupita. Tunasoma kisanduku cha 10: kurasa 13.

Sasa turudie kwa mwendo wa kupanda. Kitabu cha kwanza tena, na mara hii tunaanza kisanduku cha 4. Tukikinunua tunabaki na sifuri, tunaandika 5. Visanduku vya 5, 6 na 7 navyo vinapata 5, bila kasoro. Tunafika cha 8. Tukikinunua kitabu tunabaki na elfu 4, tunasoma kisanduku cha 4, na humo tunakuta 5. Lakini hiyo 5 ilitoka wapi? Tumeiandika sisi wenyewe sasa hivi, katika mzunguko huu huu, kwa kukinunua kitabu hiki hiki. Programu inajumlisha 5 na 5 na kuandika 10. Kitabu cha kwanza kimenunuliwa mara mbili na muuzaji hakuwa na nakala ya pili. Visanduku vya 9 na 10 navyo vinapata 10 kwa njia hiyo hiyo.

Kinachofuata ndicho kinacholifanya kosa hili kuwa gumu kulikamata. Kinakuja kitabu cha pili, kurasa 12. Kisanduku cha 8 kilikuwa na 10 ya uongo, 12 inaishinda, inaandikwa 12. Cha 9 na cha 10 vivyo hivyo. Ushahidi wa kosa umefutika! Mstari wetu wa visanduku sasa unafanana kabisa na ule wa njia sahihi, kisanduku kwa kisanduku. Mtu akisimamisha programu hapa na kuikagua, ataapa kwamba haina tatizo.

Kitabu cha tatu ndicho kinachoumbua. Tunapanda kutoka kisanduku cha 5, ambacho kinapata 8. Cha 6 na cha 7 pia vinapata 8. Cha 8 kinabaki 12, cha 9 kinakuwa 13, vyote sahihi. Cha 10 kinasoma cha 5, ambacho katika njia sahihi kilikuwa bado na 5 ya zamani, ila hapa kimeshabadilishwa kuwa 8. Nane na nane ni kumi na sita. Programu inatangaza kurasa 16, yaani nakala mbili za kitabu cha tatu kwa elfu 10.

Linganisha visanduku vyote vya mwisho vya njia hizi mbili. Kuanzia fedha sifuri hadi elfu 9, majibu ni yale yale: 0, 0, 0, 1, 5, 8, 8, 8, 12, 13. Ni kisanduku cha 10 pekee kinachotofautiana. Mwandishi wa programu aliyejipimia kwa elfu 7, kisha 8, kisha 9, angepata jibu sahihi mara zote tatu na kwenda kulala akiwa na amani. Waliotunga zoezi waliweka 10 katika mfano wao, nami nashuku hawakuiweka kwa kubahatisha.

Kwa nini basi kushuka kunaponya? Kwa sababu kila kisanduku kinasoma kisanduku kilicho chini yake, kilichoko umbali wa bei moja ya kitabu. Ukishuka, unapokishughulikia kisanduku cha 10 vile vya chini bado hujavigusa. Vimebeba hali ya mzunguko uliopita, ambayo ndiyo ule mstari wa juu wa jedwali letu la zamani. Ukipanda, vya chini umeshaviandika upya, na mstari wa juu umefutwa kabla hujamaliza kuusoma. Ni kama karani anayefuta ukurasa wa daftari ili aandike hesabu za leo, huku hesabu zenyewe anazinakili kutoka ukurasa huo huo: anayefuta kutoka upande ambao ameshamaliza kuusoma atasalimika, na anayefuta upande anaoelekea kuusoma atanakili maandishi yake mwenyewe.

Asili ya kosa hili mara nyingi si uzembe. Katika jedwali lenye mistari mingi, mwelekeo hauna maana yoyote. Unaweza kupanda, kushuka, hata kuruka ovyo, na jibu litakuwa sahihi, kwa sababu mstari wa juu haufutwi. Watu hujifunza kwanza jedwali, wanaandika mzunguko wa kupanda kwa mazoea, unafanya kazi. Kisha wanaambiwa kwamba nafasi inaweza kupunguzwa kwa kuondoa namba ya mstari, nao wanaiondoa, bila kugusa kitu kingine. Msimbo unaonekana ni ule ule uliofanya kazi jana. Sharti la nakala moja, ambalo lilikuwa limejificha ndani ya maneno "mstari wa juu", limetupwa pamoja na mstari wenyewe.

Njia ya pili ya kuangukia humo ni kunakili kutoka kwa ndugu yake. Lipo tatizo jingine la mkoba ambalo vitu vyake havina idadi, kila kimoja unaweza kukichukua mara nyingi upendavyo. Muuza mchele anayepima kilo moja, mbili na tano haulizi mfuko wa kilo mbili umeshatumika mara ngapi. Kwa tatizo hilo mzunguko wa kupanda ndio hasa unaotakiwa: tunataka kisanduku cha 10 kisome cha 5 kilichokwisha kupata kitu hicho hicho. Mazoezi ya kutoa chenji kwa sarafu ni ya ukoo huu, na kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanza nayo, mkono unazoea kupanda. Kwa hiyo mstari ule niliouita wa makosa si wa makosa kila mahali. Ni jibu kamili la duka lenye shehena isiyokwisha, lililopelekwa kwenye duka lenye nakala moja moja.

Ukilielewa hilo, unapata pia dalili za kulitambua kosa. Dalili ya kwanza ni kwamba jibu la kupanda haliwezi kuwa dogo kuliko jibu sahihi. Chochote kinachonunulika kwa nakala moja moja kinanunulika pia katika duka lisilokwisha, kwa hiyo kosa hili huongeza tu, halipunguzi. Programu yako ikitoa jibu dogo kuliko inavyostahili, mtafute mchawi mwingine. Mara nyingi utamkuta katika mpaka wa mzunguko: mtu ameandika `range(x, bei, -1)` akisahau kwamba Python haikifikii kikomo cha mwisho, na hivyo kisanduku chenye fedha sawasawa na bei ya kitabu hakiguswi kamwe.

Dalili ya pili ni ya kuchekesha kidogo, lakini inafaa. Jumlisha kurasa za vitabu vyote dukani. Hapa ni 5, 12, 8 na 1, jumla 26. Mpe mteja elfu 20, ambazo zinatosha kununua duka zima. Njia ya kushuka inajibu 26. Njia ya kupanda inajibu 32, nakala nne za kitabu cha tatu. Mteja ametoka na kurasa zaidi ya zilizokuwemo dukani. Ulinganisho huo ni mstari mmoja wa msimbo na unakamata kosa kila linapokuwa kubwa, ingawa kwa elfu 10 usingeona kitu, maana 16 bado iko chini ya 26.

Kuna pia hali ambapo kosa haliwezi kuonekana kamwe, na ni vyema kuijua ili usidanganyike. Kitabu hakiwezi kununuliwa mara mbili kama fedha hazitoshi bei yake mara mbili. Ukijipimia kwa vitu ambavyo kila kimoja kinazidi nusu ya uwezo wa mkoba, kupanda na kushuka vitatoa jibu moja daima. Na hata pale nafasi ya mara mbili ipo, kosa linaweza kufunikwa, kama kurasa 10 za uongo zilivyofunikwa na 12 za kweli. Pia kama vitu vyote vina bei moja na thamani moja, na vipo vingi vya kutosha kuujaza mkoba, huwezi kuona tofauti, kwa sababu nakala ya pili ya kitu kimoja ina thamani ile ile ya kitu kingine. Kufaulu majaribio machache ya aina hii hakuthibitishi lolote.

Ukaguzi ninaouamini ni wa kujaribu michanganyiko yote. Andika programu ya pili, ya kijinga kabisa, inayopitia kila kundi la vitabu linalowezekana, inayakataa yanayozidi fedha, na kushika lenye kurasa nyingi. Vitabu vinne vina makundi 16. Vitabu 10 vina 1,024. Hata 20, makundi 1,048,576, kompyuta ya kawaida inayamaliza upesi. Halafu acha kompyuta itunge maduka madogo kwa bahati nasibu, vitabu vitano au sita, bei ndogo, fedha za kutosha kununua kitabu cha bei rahisi mara mbili au tatu, na zilinganishe programu mbili kila mara. Zikipishana, unayo tayari duka dogo la kulifuatilia kwa kalamu.

Kwa anayeanza ningependekeza hata asijisumbue na mwelekeo kwanza. Atumie mistari miwili badala ya mmoja, wa zamani na mpya. Kabla ya kila kitabu anakili wa zamani, asome kutoka humo, aandike kwenye mpya. Nafasi inayotumika ni maradufu tu ya ule mstari mmoja, kilobaiti 800 badala ya 400, bado si kitu mbele ya megabaiti 400 za jedwali zima, na kosa la mwelekeo linakosa mlango wa kuingilia. Akishazoea, aondoe mstari wa pili huku akijua kwa nini anageuza mzunguko.

Mstari mmoja una gharama nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Unakupa idadi ya kurasa, haukupi majina ya vitabu. Jedwali zima linaweza kufuatwa kinyume, kutoka kisanduku cha mwisho kurudi juu: ukikuta namba imebadilika kati ya mstari na mstari, kitabu hicho kilinunuliwa. Mstari mmoja umefuta historia hiyo. Anayetaka orodha ya ununuzi atalazimika kutunza alama ya ndiyo au hapana kwa kila kitabu na kila kiasi cha fedha. Alama moja ikichukua biti moja tu, kwa vitabu 1,000 na fedha 100,000 ni kama megabaiti 12 na nusu, bado ni nafuu.

Na kasi yenyewe ina masharti. Kazi yote ni idadi ya vitabu mara kiasi cha fedha, kwa hiyo kila kitu kinategemea umeamua kuhesabu kwa kipimo gani. Tumehesabu kwa maelfu na kupata visanduku 11. Tungehesabu kwa shilingi moja moja, elfu 10 ingehitaji visanduku 10,001, kwa duka lile lile na jibu lile lile. Ndiyo maana mbinu hii haipingani na orodha ya Richard Karp ya mwaka 1972, iliyoliweka tatizo la mkoba kati ya matatizo 21 magumu ambayo mpaka leo hakuna aliyeyapatia njia ya haraka kwa kila hali. Fedha zikiwa na tarakimu nyingi, mstari wa visanduku unarefuka kupita uwezo wa mashine yoyote, na hapo mwelekeo wa mzunguko haukusaidii tena.

Kama una programu ya namna hii mahali fulani na hukumbuki ulipanda au ulishuka, ipe duka lenye kitabu kimoja cha elfu moja, ukurasa mmoja, na mteja mwenye elfu mbili. Jibu ni 1. Ikisema 2, geuza mzunguko.